Je, wajua kwa nini 10 hutangulia 2?

"Nimepanga orodha yangu ya namba kutoka ndogo hadi kubwa, lakini 10 imekaa mbele ya 2. Kompyuta haijui kuhesabu?"

Inajua, ila hapa haikuombwa kuhesabu. Namba hizo zimehifadhiwa kama maandishi, na maandishi hupangwa jinsi maneno yanavyopangwa katika kamusi: herufi ya kwanza hulinganishwa na herufi ya kwanza, na zikifanana ndipo ya pili huangaliwa. Urefu wa neno si hoja. Neno "barabara" lina herufi nane na "ua" lina mbili tu, lakini hakuna anayeshangaa kukuta "barabara" kwenye kurasa za mwanzo na "ua" karibu na mwisho.

Ndani ya kompyuta kila alama ya maandishi ina namba yake ya utambulisho. Katika Yunikodi, tarakimu 0 imepewa 48, tarakimu 1 imepewa 49, tarakimu 2 imepewa 50, na kuendelea hivyo hadi 9, ambayo ni 57. Kwa hiyo "10" inapolinganishwa na "2", zinazokutana kwanza ni 49 na 50; 49 ni ndogo, na shauri limekwisha. Ile sifuri haiguswi kabisa. Kwa kanuni hiyohiyo, hata "1000000" itatangulia "2". Pale ambapo andiko moja linaisha kabla ya tofauti kuonekana, kama "1" na "10", lililo fupi hutangulia.

Kosa hili lina hila, kwa sababu linaweza kujificha kwa muda mrefu. Chukua orodha ya alama za mtihani ambazo zote ziko kati ya 45 na 98. Zote zina tarakimu mbili, hivyo mpangilio wa maandishi na mpangilio wa hesabu hutoa jibu lilelile, na kila mtu huridhika. Siku mwanafunzi mmoja akipata 100, jina lake linaangukia mwanzoni pamoja na walioshindwa, kabla hata ya 45, na ukiiuliza programu alama ya juu kabisa ni ipi, itajibu 98. Aliyepata 7 naye atakuta amepandishwa hadi kati ya 69 na 70.

Chanzo cha kawaida ni faili la CSV. Faili hilo ni maandishi matupu, na moduli ya `csv` ya Python, kwa mfano, isipoelekezwa vingine hukukabidhi kila thamani ikiwa maandishi. Tazama tofauti:

```python
alama = ["2", "100", "9", "21", "10", "1"]

print(sorted(alama))
# ['1', '10', '100', '2', '21', '9']

print(sorted(alama, key=int))
# ['1', '2', '9', '10', '21', '100']
```

Hapo `key=int` inaamuru kila andiko ligeuzwe kuwa namba kamili kwa ajili ya kulinganisha tu. Orodha inayotoka bado ni ya maandishi, kama alama za kunukuu zinavyoonyesha. Hilo lina faida kwa namba za utambulisho kama "007", ambazo zingepoteza sifuri zake kama zingegeuzwa moja kwa moja. Lakini ukitaka kujumlisha au kutafuta wastani, zigeuze kabisa.

Ugeuzaji una masharti yake. `int` huvumilia nafasi tupu pembeni, lakini ikikutana na "", "12.5" au "1,200" husimama na kutoa `ValueError`. Binafsi naona afadhali programu inayokataa kuliko ile inayopanga vibaya kimyakimya. Kwa desimali tumia `float`. Mkato unaotenganisha maelfu unaweza kuuondoa kwanza, mradi una hakika hautumiki kama nukta ya desimali, maana "1,5" ikiondolewa mkato inakuwa 15.

Katika Excel, dalili ya mapema ni namba kujipanga upande wa kushoto wa seli badala ya kulia, ikiwa hujabadilisha mpangilio huo mwenyewe. Mara nyingi huonekana pia pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona. Weka `=VALUE(A2)` katika safu ya pembeni, inakili hadi chini, kisha panga jedwali kwa safu hiyo mpya. Safu yenye mchanganyiko hujitambulisha yenyewe: namba halisi hutangulia zikiwa zimepangika vizuri, kisha chini yake hesabu inaanza upya kwa zile za maandishi, 1, 10, 2.