Je, wajua kwa nini muhtasari wa siku huvurugika ukifika kwenye simu?

Kwa nini ujumbe wa muhtasari unaopendeza kwenye kompyuta husumbua kuusoma kwenye simu, na upangweje?

Mchawi mkuu ni jedwali. Kwenye kompyuta mtu hupanga nguzo zake kwa kubonyeza nafasi mpaka tarakimu zikae sawasawa. Simu nyingi, hata hivyo, huonyesha meseji kwa fonti ambayo herufi zake hazilingani upana: “i” ni nyembamba, “m” ni nene, na nafasi yenyewe ni finyu. Nguzo zinapinda. Isitoshe, mstari wa simu hubeba takriban herufi 35 hadi 40, kwa hiyo safu ndefu hukatika na namba yake ya mwisho hudondoka chini. Hapo ndipo penye hatari, maana msomaji mwenye haraka huihesabu namba hiyo kuwa ya safu inayofuata. Fonti yenye herufi za upana mmoja hunyoosha nguzo, lakini haizuii mstari kukatika.

Tuseme kampuni ina matawi matatu na kila jioni hutuma hesabu ya vifurushi. Badala ya jedwali, andika hivi:

```
Kusini: vifurushi 41 vimekwama
Jumatano, saa 12 jioni

41 Kusini (jana 6)
3 Kaskazini (jana 5)
0 Mashariki (jana 0)

Vilivyofika leo: 530
```

Kila tawi lina mstari wake, na namba imetangulia, hivyo jicho linateremka ukingoni kushoto bila kuhangaika. “Jana 6” ndiyo inayoipa 41 uzito. Bila hiyo, msomaji hajui kama ashtuke. Tawi lenye shida liko juu, hata kama kesho litakuwa jingine. Jumla ya vilivyofika, ambayo mabosi hupenda kuiona kwanza, nimeishusha chini kwa makusudi: haimwambii mtu afanye nini.

Mstari wa kwanza una kazi ya ziada. Arifa kwenye skrini iliyofungwa huonyesha maneno machache tu ya mwanzo. Ukianza na “Habari za jioni, ufuatao ni muhtasari wa leo”, nafasi hiyo imekwisha kwa salamu, na kwa kuwa haibadiliki, watu huzoea kuipuuza. Siku ikiwa shwari, andika “Hakuna kilichokwama leo”.

Kama unatuma kwa SMS ya kawaida, jihadhari na emoji. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, lakini emoji moja tu hubadilisha usimbaji wa ujumbe mzima, yaani namna herufi zake zinavyogeuzwa kuwa data, na kikomo hushuka hadi 70. Mfano wa hapo juu ungegawanyika mara mbili au zaidi, na gharama ingepanda kwa ajili ya alama moja nyekundu.

Kabla ya kuanza kuutuma, ufungue kwenye simu ndogo iliyokuzwa maandishi hadi mwisho. Mstari wa tawi ukikatika hapo, punguza maneno.