Marejesho Hayakupanda, Lakini Riba Ilipanda: Jinsi Riba ya Mkopo wa Nyumba Inavyofanya Kazi

Malalamiko yanayofika mezani petu kuhusu mikopo ya nyumba yamekuwa ya namna mbili. Wapo wanaouliza kwa nini marejesho yao ya kila mwezi hayajashuka ilhali Benki Kuu ya Kenya imekuwa ikipunguza riba yake tangu Agosti 2024. Wengine, ambao kwa kawaida huja wakiwa wamechelewa, wanauliza inakuwaje walipe kwa miaka kadhaa bila kuruka hata mwezi mmoja, na salio la deni libaki karibu palepale. Maswali haya mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kutojua riba ya mkopo husika ni ya aina gani na inapobadilika inagusa nini.

Riba isiyobadilika huwekwa kwenye barua ya ofa kwa kipindi kilichotajwa, na soko likipanda au likishuka, kiwango hicho hakiguswi. Mkopaji na asome neno "kipindi" mara mbili, kwa sababu mikopo mingi inayoitwa ya riba isiyobadilika huwa hivyo kwa miaka michache ya mwanzo tu, kisha hugeuka kufuata soko. Isipokuwa pale benki inapopata fedha za muda mrefu kwa bei inayojulikana, kama zile zinazopitia Kampuni ya Ufadhili wa Rehani ya Kenya, KMRC, si rahisi kwake kuahidi kiwango kimoja kwa miaka 20, kwani amana inazokopesha hubadilika bei kila wakati.

Riba inayobadilika ina sehemu mbili. Kwa mikopo mipya ya shilingi iliyotolewa kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, sehemu ya kwanza ni KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hutozana zinapokopeshana kwa usiku mmoja, na sehemu ya pili ni nyongeza inayoitwa K, ambayo hubeba gharama za uendeshaji wa benki, faida ya wenye hisa na hatari ya mkopaji mwenyewe. Mikopo iliyokuwepo kabla ya hapo ilipewa hadi tarehe 28 Februari 2026 kuhamia kwenye utaratibu huo, na mikopo ya riba isiyobadilika haihusiki. Kwa hiyo Benki Kuu inapopunguza riba yake, kinachotarajiwa kusogea ni sehemu ya kwanza. K haisogei kwa sababu hiyo peke yake. Tumeeleza jambo hili mara nyingi, na bado tunaletewa vipande vya magazeti kana kwamba Benki Kuu ndiyo iliyomkopesha mlalamikaji.

Tuchukue mkopo wa shilingi 5,000,000 kwa miaka 20, kwa riba inayobadilika inayoanzia asilimia 13. Marejesho ya mwezi ni shilingi 58,579. Katika mwezi wa kwanza, 54,167 kati ya hizo ni riba, na deni la msingi linapunguzwa kwa 4,412 pekee. Baada ya miaka miwili mkopaji huyu atakuwa amelipa zaidi ya shilingi 1,400,000, na bado atadaiwa takriban 4,880,000. Hapo hakuna aliyemwibia; ndivyo mkopo wa muda mrefu ulivyo katika miaka yake ya mwanzo, na ndiyo sababu miaka hiyo ni hatari zaidi riba ikipanda.

Sasa, miaka hiyo miwili ikiisha, riba ipande kwa pointi moja tu, ifike asilimia 14. Benki ina njia mbili. Inaweza kuongeza marejesho hadi shilingi 61,994, yaani nyongeza ya 3,415 kwa mwezi, na mkopo ukaisha siku ileile iliyopangwa. Au inaweza kuacha marejesho yalivyo na kurefusha muda, jambo ambalo wakopaji wengi hulipokea kwa shukrani. Gharama ya nafuu hiyo ni hii: miezi 216 iliyobaki inakuwa 308. Ni zaidi ya miaka saba na nusu ya ziada, na riba ikibaki hapo, jumla atakayolipa inazidi ile ya njia ya kwanza kwa takriban shilingi 4,650,000. Mkopaji mwenye umri wa miaka 45 atastaafu nyumba ikiwa bado ina rehani, iwapo benki itakubali kurefusha kiasi hicho.

Kuna mpaka ambao kurefusha muda hakuwezi kuuvuka. Kwa salio hilo, riba ikizidi takriban asilimia 14.4, shilingi 58,579 hazitoshi hata kulipa riba ya mwezi. Ikifika asilimia 17, riba pekee ni shilingi 69,133. Asiyeongeza malipo ataona deni likikua kila mwezi ingawa analipa. Kumaliza kwa wakati kungehitaji 72,612 kwa mwezi. Haya si mambo ya kufikirika: riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 7 hadi Mei 2022 na ikafika 13 Februari 2024. Mkopaji mwingine aliyechukua kiasi hichohicho kwa asilimia 14.5 isiyobadilika angelipa 64,000 tangu mwezi wa kwanza, akionekana mjinga kwa miaka miwili. Na soko likishuka hadi chini ya kiwango chake ataendelea kulipa 64,000, na kabla ya kuhamia benki nyingine itambidi apige hesabu ya ada za kufunga mkopo, wakili, tathmini na usajili wa rehani mpya.

Kuhusu utaratibu, kifungu cha 84 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka mkopeshaji atoe ilani ya maandishi ya siku zisizopungua 30 kabla ya kubadilisha riba, akitaja kiwango kipya kwa lugha inayoeleweka. Ilani hiyo inahusu kupanda na kushuka pia. Aliyeshindwa kulipa hupewa kwanza ilani ya kurekebisha kasoro, isiyopungua miezi mitatu, na baadaye ilani ya kuuza ya siku zisizopungua 40, kabla dalali hajaanza kazi yake. Kunyamaza hakusimamishi hata moja kati ya ilani hizo. Tunasisitiza kwamba maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya mkataba wa mkopaji wala ushauri wa wakili wake.

Ilani ya mabadiliko ikifika, iombe benki kwa maandishi jedwali jipya la marejesho linaloonyesha tarehe ya mwisho ya mkopo, na uilinganishe na ile ya zamani. Kama tarehe imesogezwa na hukuulizwa, uliza sasa ni kiasi gani kingeirudisha mahali pake. Vilevile, riba ikishuka, benki yaweza kupunguza marejesho au kufupisha muda. Waliowahi kurefushiwa wanafaa kuomba muda ufupishwe kwanza, kwani marejesho yao hayakupanda na hivyo huenda yasishuke. Hesabu ya kuanzia inafanywa kwa simu ya mkononi: zidisha salio kwa kiwango cha riba, gawanya kwa 12, kisha linganisha jibu na unacholipa kwa mwezi. Jibu likiwa kubwa kuliko malipo yako, nenda benki wiki hiyohiyo ukiwa na barua ya ofa na taarifa ya akaunti ya mkopo; picha ya skrini ya simu haitoshi.