Magaga ya visigino: lini ni ukavu, lini ni fangasi, na lini upimwe sukari

Kuanzia Juni, upepo wa kiangazi unapoanza kuvuma Dodoma, watu wenye visigino vilivyopasuka huongezeka kwenye kliniki yetu ya ngozi. Wengi huja baada ya kujaribu kila kitu: mafuta ya alizeti, wembe, jiwe, gundi ya kuziba nyufa, na krimu ya dukani isiyo na maelezo yanayoeleweka. Tunaandika makala hii kwa sababu ya krimu hiyo, na pia kwa sababu kuna wagonjwa ambao tungetamani waje mwezi mmoja mapema.

Niseme moja kwanza, kwa kuwa linawaumiza watu bila sababu: magaga si dalili ya uchafu. Nyayo hazina tezi za mafuta kama ngozi ya uso. Zina tezi za jasho tu, na jasho hilo ndilo linalozilainisha. Hewa ikiwa kavu, ngozi nene ya kisigino hukauka na kuwa ngumu. Ukisimama, mafuta yaliyo chini ya kisigino hutanuka kwenda pembeni kwa uzito wa mwili, na ngozi ngumu isiyoweza kutanuka nayo hupasuka pembezoni. Ndiyo maana anayesimama siku nzima na kandambili au katambuga, kisigino kikiwa wazi nyuma, hupasuka zaidi kuliko aliyevaa kiatu kilichoshika kisigino. Kusugua mpaka damu itoke hakusaidii, kwa sababu ngozi hujibu msuguano kwa kuongeza unene.

Magaga ya ukavu mtupu huwa kwenye miguu yote miwili kwa kiwango kinachokaribiana, yanakaa pembezoni mwa kisigino, na ngozi ya katikati ya unyayo, kati ya vidole na kwenye kucha inabaki nzima. Haya tunayatibu hivi. Jioni loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, bila sabuni ya mche ya kufulia. Kausha kwa kugusisha taulo. Sugua kwa jiwe taratibu, kwa mwelekeo mmoja tu, kisha papo hapo ngozi ikiwa bado na unyevu paka Vaseline au krimu ya urea yenye kati ya asilimia 10 na 25, vaa soksi za pamba ulale nazo. Ufa unaotoa damu usipakwe urea kali, unachoma. Paka Vaseline tu na ufunike kwa kitambaa safi. Kwa wiki mbili utaona ngozi inalegea. Ikifika wiki ya nne hakuna kilichobadilika na umefanya hivyo kila siku, acha kubadilisha mafuta. Njoo tuangalie kama ni fangasi.

Fangasi ya unyayo huwadanganya watu kwa sababu mara nyingi haiwashi. Mtu anasema, "Daktari, fangasi huwasha, mimi siwashwi," na anakataa kwa ujasiri mkubwa. Inayokaa kwenye unyayo wote na kupanda pembeni mithili ya umbo la kiatu cha wazi huwa inakaa kimya kwa miaka. Itazame chini ya mwanga wa jua: ngozi inabanduka ungaunga mweupe uliojaa ndani ya mistari ya unyayo, na una mpaka unaoonekana pembeni mwa mguu. Kisha tazama kati ya kidole cha nne na cha tano, ambapo ngozi mara nyingi huwa nyeupe na laini kama iliyoloweshwa. Tazama kucha kama zimekuwa nene, za njano na zinamong'onyoka. Ikianzia mguu mmoja, au ikiwa miguu yote miwili pamoja na kiganja cha mkono mmoja, shuku fangasi kuliko ukavu. Na ukavu na fangasi huweza kukaa pamoja, kwa hiyo kupata nafuu kidogo kwa Vaseline hakuondoi fangasi. Yapo pia magonjwa mengine, kama soriasisi na mzio wa ngozi, yanayofanana na haya. Ndiyo maana hatukisii.

Kipimo chenyewe ni kidogo. Tunakwangua ungaunga wa ngozi kwa kisu butu kutoka ukingoni mwa sehemu iliyoathirika, maana katikati mara nyingi hakuna fangasi hai. Unawekwa tone la potasiamu haidroksaidi, ngozi inalegea, na kwenye hadubini tunatafuta nyuzi za fangasi. Tusipoziona mara moja, si uthibitisho kwamba hazipo. Wakati mwingine tunarudia. Fangasi ya kati ya vidole hupona kwa klotrimazoli ya asilimia 1 mara mbili kwa siku, kwa wiki nne, ukiendelea hata baada ya dalili kutoweka. Ila kwenye unyayo mnene krimu mara nyingi haipenyi, na hapo huandikwa vidonge vya terbinafini miligramu 250 kwa siku, kwa kawaida wiki mbili au zaidi, baada ya kuuliza habari za ini na dawa nyingine unazotumia. Vidonge hivi havichukuliwi kwa kumwiga jirani.

Sasa krimu ya dukani. Nyingi tunazoletewa ni mchanganyiko wa dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali. Steroidi inatuliza wekundu na muwasho kwa siku chache, mtu anasifu, huku fangasi ikiendelea kutanuka chini yake bila sura yake ya kawaida. Hata sisi tunapata shida kuitambua. Dawa za steroidi kali huuzwa kwa cheti cha daktari, na kuziuza kiholela ni kosa kisheria. Ukiuziwa hivyo, weka boksi na tyubu, na namba ya toleo iliyopigwa kwenye mkunjo wa tyubu, na risiti, kisha toa taarifa ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Bila namba ya toleo ni vigumu kufuatilia chochote, na mtu anayekuja kusema "niliuziwa dawa mbaya, nikaitupa" anatuacha bila pa kushika.

Nieleze mgonjwa mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Mama wa miaka 56, anauza mboga sokoni, alikuja na binti yake kwa sababu ya ufa wa kisigino cha kulia uliokuwa unamuuma. Alikuwa ametumia krimu ya mchanganyiko kwa miezi sita. Kulia kulikuwa na ungaunga uliopanda pembeni mpaka karibu na kifundo, na kucha ya dole gumba ilikuwa nene. Hadubini ilionyesha nyuzi. Hapo wengi wangeandika dawa na kumaliza. Lakini kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa na ufa wa sentimita mbili, mrefu na mkubwa kuliko ule wa kulia, umejaa mchanga na usaha kidogo. "Mama, huu unauma?" "Huu wa kushoto? Mwanangu, sijui hata kama upo."

Huo ndio mguu ulionitia wasiwasi. Ufa unaofika kwenye ngozi hai ni lazima uume. Usipouma, mishipa ya fahamu imeanza kufa, na hapa kwetu sababu ya kwanza kuitafuta ni kisukari. Mishipa hiyo hiyo inapoharibika, jasho la miguu hupungua, ngozi inakauka, inapasuka, na mwenyewe hahisi. Tulimfanyia jaribio ambalo hata nyumbani mnaweza kufanya. Mgonjwa anafumba macho. Gusa kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, kwa sekunde moja au mbili, ncha ya dole gumba, ya kidole cha kati na ya kidole kidogo cha kila mguu, jumla sehemu sita. Usisukume, usigonge, usisugue, usirudie sehemu moja. Atamke "kulia" au "kushoto" akihisi. Akikosa mbili au zaidi kati ya sita, hisia imepungua. Mama huyu alikosa nne. Sukari yake ya wakati ule ilikuwa milimoli 15.3 kwa lita, na asubuhi iliyofuata kabla ya kula ilikuwa 10.4. Sukari ya kufunga inayofikia 7.0 au zaidi, ikithibitishwa, ni kisukari. Hakuwa na kiu ya ajabu, na alituambia yeye hanywi chai yenye sukari. Kunywa chai bila sukari hakuzuii kisukari. Tafadhali tuliache hilo.

Tulishika pia mapigo ya mishipa ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani. Yalikuwepo, na hilo lilitupa matumaini. Kama yangekosekana, tungeshuku mzunguko hafifu wa damu. Dalili zake ni hizi: misuli ya kigimbi kuuma ukitembea umbali fulani na kutulia ukisimama, mguu baridi upande mmoja, ngozi inayong'aa isiyo na vinyweleo, na ufa usiopona kwa wiki kadhaa. Maumivu ya usiku yanayopungua ukininginiza mguu kitandani ni hali mbaya zaidi, hasa kwa mvutaji wa sigara. Mguu wa namna hiyo au wenye ganzi hauloweshwi kwenye maji ya moto, haukwanguliwi kwa wembe, wala haupakwi dawa ya kuyeyusha sugu. Tulisafisha ufa, tukampa viatu vya kufunika visivyobana, tukampeleka kliniki ya kisukari na tukamwanzishia terbinafini. Ufa wa kushoto ulifunga wiki ya tano. Ule wa kulia, uliomuuma, ulifunga wiki ya pili.

Kuhusu kuja kwetu. Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu. Kama ni hospitali ya rufaa, uje na barua ya rufaa, kadi ya bima kama unayo, na dawa zote unazotumia, pamoja na tyubu zilizokwisha. Kwa kipimo cha sukari ya kufunga usile kwa saa nane, maji unaruhusiwa. Ukienda kukwanguliwa, acha dawa ya fangasi ya kupaka wiki mbili kabla, na siku hiyo usipake mafuta yoyote. Ila usisubiri barua wala siku ya kliniki kama kisigino kina usaha, harufu, weusi, wekundu unaopanda mguu au homa. Nenda siku hiyo hiyo, usiku pia, hospitali yenye dharura, na mwambie anayekupokea kama una kisukari.