Cheti cha kuondoka jeshini: muhuri wa wakili unathibitisha nini hasa?

Msimu wa korosho ukikaribia, simu za kampuni za ulinzi hapa Mtwara hazitulii. Maghala ya Masasi, Newala na Tandahimba yanataka walinzi kabla minada haijaanza, na matangazo ya kazi hurudia sharti lile lile: aliyepitia jeshi atapewa kipaumbele. Kazi yangu ni kupitia bahasha za waombaji. Karatasi inayonichukua muda kuliko zote ni cheti cha kuondoka jeshini au polisi, na sababu ni kwamba waajiri wengi hukiamini haraka mno.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Cheti cha mafunzo ya JKT kinasema kijana alimaliza mafunzo, yawe ya mujibu wa sheria au ya kujitolea. Hakisemi kwamba aliwahi kuwa askari wa JWTZ. Kila mwaka napokea vijana waliopitia kambi kama ya Nachingwea wakiandika kwenye barua "nimetumikia jeshi". Wengi wao hawadanganyi, ndivyo wanavyozungumza mtaani. Lakini anayetafuta mtu mwenye miaka kumi ya kushika silaha lazima ajue anasoma cheti gani.

Cheti cha mtu aliyetumikia kweli hubeba mambo machache: jina, namba ya jeshi, tarehe ya kuandikishwa na ya kuondoka, cheo cha mwisho, sababu ya kuondoka, na mara nyingi maelezo mafupi ya tabia yake kazini. Namba ndiyo uti wa mgongo. Ya askari wa JWTZ huanza na MT, ya afisa huanza na P. Polisi wa kike huwa na WP, na konstebo wa kiume huwa na herufi moja kisha tarakimu. Jina linaweza kubadilika kwa ndoa, kwa dini au kwa makosa ya karani, lakini jalada la mtu hutafutwa kwa namba.

Nieleze bahasha moja. Nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha mhusika.

Mwombaji alitoka Newala, mtu wa makamo, mkakamavu, salamu zake za kijeshi kabisa. Cheti chake kilikuwa nakala yenye muhuri wa wakili, kikisema aliandikishwa 2005 na kuondoka 2017 akiwa koplo, sababu: kumaliza mkataba. Nilipomwomba cheti halisi akashangaa. "Afisa, si wakili ameshathibitisha? Unataka nini tena?"

Hapa ndipo waajiri wengi huishia, na ndipo kosa lilipo. Wakili au kamishna wa viapo anapogonga muhuri kwenye nakala anasema jambo moja tu: nakala hii inafanana na karatasi niliyoonyeshwa. Hakupiga simu makao makuu wala hakuona jalada. Akipelekewa karatasi ya kughushi iliyotengenezwa vizuri, nakala yake itakuwa nakala sahihi ya karatasi ya kughushi.

Cheti halisi kilipoletwa, nilianza na hesabu. Kitambulisho cha NIDA kilisema amezaliwa 1979, cheti kikasema 1984. Kwa NIDA aliandikishwa akiwa na miaka 26, kwa cheti akiwa na 21. Matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni huweka ukomo wa miaka 24 kwa wahitimu wa kidato cha nne na cha sita, kwa hiyo tofauti ile ilikuwa na maana. Hata hivyo sikuandika "feki". Anayeijua Kusini anajua watu wana umri wa nyumbani na umri wa kuandikishia, na askari wa kweli kabisa anaweza kuwa na tarehe mbili za kuzaliwa. Tofauti ya namna hiyo inaibua swali tu. Jibu linatoka kwenye jalada.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa mwaka wa kuondoka. Tarakimu mbili za mwisho kwenye "2017" zilikuwa nzito kidogo kuliko maandishi ya jirani, na neno "koplo" lilikaa juu kidogo ya mstari. Ukiinua karatasi dirishani, sehemu hizo zinaonekana.

Uhakiki wenyewe hauna tovuti ya kubofya. Ule mkubwa wa 2017, uliowaondoa watumishi wa umma 9,932 kwa vyeti vya kughushi, ulihusu vyeti vya elimu, ambavyo NECTA inaweza kuvikagua. Cheti cha jeshi huhakikiwa kwa barua kwa waliokitoa. Kwa aliyekuwa askari polisi, napeleka barua ofisi ya Kamanda wa Polisi wa Mkoa, ielekee Makao Makuu Dodoma. Kwa JWTZ, barua inaelekezwa Makao Makuu ya Jeshi. Kikosi kilicho karibu nawe kinaweza kukuelekeza, ila usikifanye ndicho cha kukujibu, maana huenda mtu wako hakuwahi kupangiwa hapo.

Barua yangu ina maswali manne tu: namba hii ilikuwa ya mtu huyu? Aliingia na kutoka lini? Alikuwa na cheo gani alipotoka? Aliondoka kwa sababu gani? Siulizi alipangiwa wapi wala alifanya operesheni gani. Hayo hayanihusu, na kuyauliza huifanya barua nzima itiliwe shaka. Naambatisha nakala ya cheti, nakala ya NIDA na ridhaa ya mwombaji yenye sahihi yake, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hairuhusu taarifa za mtu kuzungushwa ovyo. Anayekataa kusaini ridhaa amenirahisishia kazi.

Kuna jambo sifanyi kabisa: kupiga namba ya simu iliyoandikwa kwenye cheti, au kuongea na "afande wangu wa zamani" ambaye mwombaji amenipa. Anwani naitafuta mwenyewe.

Jibu huchukua wiki, wakati mwingine zaidi, na ghala halisubiri. Naruhusu kuajiri kwa majaribio, huku mkataba ukieleza wazi kwamba ajira inategemea uhakiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humweka aliyefanya kazi chini ya miezi 6 nje ya masharti ya kuachishwa kusiko halali, kwa hiyo muda huo unatosha. Ila hashiki bunduki mpaka barua irudi. Wakubwa wa kampuni hunung'unika kwa hilo, nami sijawahi kulegeza.

Jibu kuhusu mtu wa Newala lilisema namba ni yake na aliandikishwa 2005. Aliondoka 2011, akiwa praiveti, kwa utovu wa nidhamu. Cheti kilikuwa cha kweli kilichobadilishwa sehemu tatu. Tarehe ya kuzaliwa, ile iliyonitia wasiwasi mwanzoni, ndiyo iliyolingana na jalada.

Wapo pia waliotumikia kwa heshima ambao vyeti vyao viliungua au vililoa mvua. Wao huniletea ripoti ya upotevu ya polisi wakidhani inatosha badala ya cheti. Ripoti ile inaonyesha tu kwamba mtu ametoa taarifa ya kupotelewa, haisemi chochote kuhusu utumishi wake. Naiambatisha kwenye barua ile ile ya maswali manne, na kama namba ya jeshi anaikumbuka, jalada lake linapatikana kama la mwenye cheti mkononi. Asiyeikumbuka namwomba atafute kitambulisho cha zamani, hati ya mshahara au picha ya kozi yenye majina nyuma, tuanze na hicho.