"Mwisho wa siku" ni saa ngapi, na kwa saa za wapi?

Mteja wa New York akikuandikia wewe uliye Dar es Salaam, "Naomba kazi Ijumaa, mwisho wa siku", usianze kuhesabu saa. Kwanza muulize siku yake inaisha saa ngapi. Ofisi nyingi zina maana ya saa kumi na moja jioni, lakini wapo wanaokusudia usiku wa manane, na hapo tofauti ni saa saba nzima.

Tuseme anajibu: saa kumi na moja jioni, Ijumaa tarehe 13 Machi 2026. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, mwaka huo tarehe 8, kwa hiyo New York iko UTC-4. Dar iko UTC+3 mwaka mzima. Tofauti ni saa saba, na 17:00 ya kwao inaangukia 00:00 Jumamosi kwetu. Ijumaa iliyotangulia ingekuwa 01:00. Ndiyo maana jibu la mwezi uliopita halifai kunakiliwa. Kwenye Linux, hakiki hivi:

```
TZ=Africa/Dar_es_Salaam date -d 'TZ="America/New_York" 2026-03-13 17:00'
```

Uingereza nayo husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi, tarehe 29 mwaka huo. Katika wiki hizo tatu, kikao cha watu wa Dar, London na New York humchanganya angalau mmoja wao. Kwenye kalenda, chagua jina la mji, kwa mfano Europe/London, usiandike "GMT": London huiacha GMT kiangazi chote, na kikao kitakosewa kwa saa moja.

Sasa andika mkataba wenyewe:

"Ijumaa 13 Machi 2026, 16:30 New York (UTC-4), sawa na Ijumaa 13 Machi, 23:30 Dar es Salaam (UTC+3)."

Nimerudisha nusu saa nyuma makusudi, ili muda usiangukie saa sita usiku. "Saa sita usiku Ijumaa" husomwa kwa namna mbili, na "usiku wa Ijumaa" ni hatari zaidi: kwa wazee wengi wa pwani ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Tarakimu za saa 24 pia zinaondoa utata wa saa tatu na 09:00.

"Wiki ijayo" iandikwe tarehe, hasa ikitumwa Jumapili. Muscat wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, hivyo Jumapili yako ya mapumziko ni siku yao ya kwanza kazini, na wiki unayoiita ijayo kwao imeshaanza.

"Hivi karibuni" ni gumu zaidi, kwa sababu mara nyingi anayeandika hajui tarehe. Basi aahidi taarifa badala ya kazi: "Sijajua lini itakamilika, nitakuandikia Jumatano 18 Machi kabla ya 12:00 Dar es Salaam (UTC+3), iwe tayari au la."