Kuzungushia maandishi kwenye chupa si kuyatupia kivuli

Wiki hii nimeletewa tena faili la mchoro wa chupa wa kompyuta ambalo maandishi yake yamewekwa kwa amri ya `Project`, yaani kutupia, badala ya `Wrap`, yaani kuzungushia, pamoja na hoja ile ile ambayo nimeisikia mara nyingi kupita kiasi: kwamba kutupia na kuzungushia ni jambo moja, kwa sababu njia zote mbili hufikisha herufi kwenye uso wa chupa. Si jambo moja, na tofauti yake hupimika kwa rula.

Anayetupia hufanya kazi ya jua. Herufi zimechorwa kwenye bapa lililo mbele ya chupa, na kila nukta husafiri kwa mstari ulionyooka, sambamba na nyingine, mpaka igonge uso. Anayezungushia hufanya kazi ya lebo ya karatasi, ambayo milimita sita zake zikiwa mezani hubaki milimita sita zikishabandikwa kwenye tao.

```
Project:  s = R * asin(x / R)
Wrap:     s = x,   angle = x / R
```

Hapa `x` ni umbali kutoka katikati ya maandishi, `R` ni nusu kipenyo, `s` ni umbali uliopimwa juu ya tao, na pembe iko katika radiani. Chukua chupa ya kipenyo cha mm 70 na maneno ASALI SAFI, kila herufi, pamoja na nafasi ya katikati, ikipewa upana wa mm 6, yaani jumla mm 60. Ukitupia, herufi A ya kwanza hutanuka na kufikia mm 9.6, ilhali A ya pili katika neno hilo hilo hupata mm 6.7 tu. Kimo chao hakibadiliki, kwa hiyo ile ya kwanza huonekana kama imekaliwa. Zaidi ya hapo, ukiinua herufi hizo kwa mm 0.5 kuelekea upande ule ule uliotupia, mwinuko halisi kwenye ncha ya maandishi huwa takriban robo milimita.

Kinachoniudhi ni kwamba kosa hili hujificha mahali pale pale watu wanapolitafuta. Ukiitazama chupa kwenye skrini kutoka mbele kabisa, maandishi yaliyotupiwa huonekana sahihi kabisa, kwa kuwa hapo ndipo jua lilipokuwa limesimama. Yaliyozungushiwa ndiyo huonekana yamekosewa: A ya kwanza huonekana na upana wa mm 4.3. Mchoraji huyakataa yaliyo sahihi na kuidhinisha yaliyoharibika. Lakini mnunuzi huishika chupa na kuigeuza mkononi, na akiigeuza kidogo tu, zile herufi pana hujitokeza. Kwa hiyo chapa kipande cha majaribio, kizungushie karatasi nyembamba, sugua kwa penseli, kisha ikunjue karatasi na uilaze juu ya mchoro wako bapa. Herufi zisipolingana, hazikuzungushiwa.

Haya yote ni ya mcheduara. Kwenye bega la chupa, ambalo limepinda pande mbili kwa pamoja, hakuna karatasi itakayolala bila kukunjamana, na hilo nitaliacha.

Kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka, na ambalo mimi mwenyewe sina jibu lake moja. Kalibu ya chupa kwa kawaida huwa na nusu mbili zinazoachana kwa mstari ulionyooka. Herufi iliyozungushiwa vizuri huinuka kuelekea nje kutoka kwenye kiini cha chupa, na kwenye ncha ya maandishi yetu mwelekeo huo umeachana na mwelekeo wa kufunguka kwa kalibu kwa digrii 49. Ubavu wake wa nje basi huwa ndoano inayoizuia kalibu. Plastiki laini huweza kujipinda na kuachia, kioo hakiachii. Tiba ni kuulaza ubavu huo ufuate mwelekeo wa kalibu, lakini kwa mwinuko wa mm 0.5 hilo hula mm 0.58 za upana wa juu wa mstari unaoiunda herufi, na kama upana huo ulikuwa mm 1, zaidi ya nusu yake imekwenda.

Nikiruhusiwa, mimi hukataa maandishi yanayopita digrii 30 kila upande, ingawa nakiri kwamba kikomo hicho ni cha mazoea yangu na si sheria. Kwa faili la wiki hii nilipendekeza mistari miwili, ASALI juu na SAFI chini. Mstari mrefu sasa una mm 30, ncha zake ziko kwenye digrii 24.6, na ubavu uliolazwa hupoteza mm 0.23 tu.