Gari la jirani haliumi, la mdogo wako ndo linakunyima usingizi

"Jamani hivi kwa nini ndugu wa tumbo moja wanaelewana mwaka mzima, ikifika harusi ya kwao ndo wanaanza kununiana?"

Nimeshakuwa mweka hazina wa kamati za harusi za ukoo wetu mara kadhaa, daftari la michango nalijua, na nikwambie tu kununa hakuanzii ukumbini, kunaanzia kwenye ile listi ya wasap. Ila kwanza tuelewe gere lenyewe linatoka wapi.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Abraham Tesser, alilichunguza hili miaka mingi. Anasema mafanikio ya mtu yanakuuma pale mambo mawili yakikutana: huyo mtu ni wa karibu yako, halafu alichofanikiwa ni kitu ambacho na wewe unajipimia nacho. Jirani akinunua gari unasema hongera unapita. Mdogo wako akiwa mchezaji mzuri wa mpira na wewe mpira hauna habari nao, unajisifia mtaani, "yule mdogo wangu yule." Lakini mkipimana kwa kitu kimoja, tuseme nani anaibeba familia, hapo ndo donge linakaa kooni. Mwaka 1980 yeye na mwenzake walichezesha watu mchezo wa kubahatisha neno, mmoja anatoa vidokezo mwenzie anabahatisha. Walioambiwa ni mchezo tu waliwasaidia marafiki zao, ila walioambiwa mchezo unapima uwezo wao wa akili, waliwapa marafiki vidokezo vigumu kuliko walivyompa mtu wasiyemjua! Rafiki huyo, je ndugu mliyelala naye kitanda kimoja?

Sasa rudi kwenye harusi. Kaka mkubwa anaendesha bodaboda, anayemfuata ni injinia, anaolewa dada yao mdogo. Injinia siku ya kwanza kaweka milioni moja na nusu taslimu. Kaka mkubwa alipanga kutoa laki moja, lakini alipoiona ile namba akaandika ahadi laki tano, aibu tu hiyo, wala si hela aliyokuwa nayo. Ikawa mwezi mzima listi inatumwa kila usiku, jina lake liko juu kabisa kwa sababu ndo mkubwa, ahadi 500,000, amelipa 0. Na kwenye vikao wajomba wanamuuliza mdogo, "sasa baba, ukumbi tuchukue upi?" Hapo ndo penye kidonda chenyewe, maana kwetu ukubwa una kazi zake, mkubwa ndo anaulizwa, ndo anasema kwa niaba ya nyumba, na hela imempa mdogo kiti hicho bila mtu yeyote kutamka.

Mtu akibanwa hivyo ana njia tatu, ni Tesser huyo huyo, na kaka yetu alizitumia zote. Kwanza akajitenga, kikao cha nne hakuja, siku ya harusi akala nje na madereva. Pili akaanza "mimi mambo ya pesa hayanihusu, mimi niko na Mungu wangu." Tatu ndo mbaya, ya kumshusha mwenzako: "hizo hela nazo sijui kazitoa wapi," na wali akasema haukuiva, wakati mimi niliula na ulikuwa umeiva vizuri tu.

Ila usikimbilie kusema ni roho mbaya. Yule kaka aliacha shule kidato cha pili baba yao alipofariki, akaanza vibarua, na ada ya injinia ilikuwa inatoka humo. Kwa hiyo MC aliposema "makofi kwa injinia, nguzo ya familia hii," kaka mkubwa alikuwa anadai jasho lake, na kijicho na kudai kwa nje vinafanana sana. Namna ya kutofautisha, sikiliza anachokirudia, mwenye kijicho anaongelea vitu vya mwenzake, gari, nyumba, mke, ila anayedai anaongelea zamani.

Na injinia naye ana lake. Aliniambia usiku ule tukihesabu bahasha kwamba mama akiumwa anaita jina la mkubwa, yeye anapigiwa dawa zikiisha. Mkubwa akiingia nyumbani watoto wanamrukia, yeye wanamwamkia na kukaa mbali. Nilishangaa kidogo, nilidhani gere linapanda juu tu, kumbe na wa juu anatamani cha chini.

Siku hizi ahadi za ndugu wa tumbo moja nazikusanya inboksi, kwenye listi naandika mstari mmoja, "Watoto wa marehemu mzee," na jumla yao. MC nampa karatasi mapema, utambulisho wa familia anafanya kaka mkubwa, na kazi za watu hazitajwi. Harusi iliyopita mjomba mmoja alinifuata mpaka jikoni anataka kujua nani katoa ngapi, nikamwambia daftari nimelisahau nyumbani.